Barua ya Kutiliwa Shaka: Karani Amwandikie Nini Fundi wa Kompyuta?

Siku ya Jumamosi, tarehe 19 Machi 2016, barua pepe moja iliingia katika sanduku la Bwana John Podesta, aliyekuwa mwenyekiti wa kampeni ya Bibi Hillary Clinton ya kugombea urais wa Marekani. Barua hiyo ilijifanya kuwa imetoka kwa kampuni ya Google. Ilimwonya kwamba mtu fulani aliyeko Ukrania alikuwa amejaribu kuingia katika sanduku lake kwa kutumia neno lake la siri, na ikamhimiza alibadilishe mara moja kwa kubonyeza mahali palipowekwa tayari ndani ya barua. Wasaidizi wake hawakukurupuka. Walifanya lile ambalo watumishi wa ofisi hufundishwa kulifanya: walimpelekea barua hiyo mtaalamu wa kompyuta wa kampeni na kumwomba ushauri.

Jibu lilikuja upesi. Lilisema kwamba barua ile ni halali, na kwamba neno la siri libadilishwe bila kukawia. Mtaalamu aliweka katika jibu lake anwani ya kweli ya Google ya kubadilishia neno la siri, lakini barua ya mwanzo nayo ilikuwa ingali pale, na kiungo chake kikiwa hai. Kiungo cha walaghai kikabonyezwa. Barua zaidi ya 50,000 zilichukuliwa, na kuanzia tarehe 7 Oktoba mwaka huohuo zikawa zinatangazwa mbele ya dunia nzima na tovuti ya Wikiliksi. Mwezi wa Desemba mtaalamu yule aliliambia gazeti la New York Times kwamba alikusudia kuandika kuwa barua ile si halali. Kwa maelezo yake, kosa la kuandika ndilo lililoigeuza maana. Mwezi wa Julai 2018 serikali ya Marekani iliwafungulia mashtaka maofisa 12 wa ujasusi wa jeshi la Urusi kwa wizi huo na mwingine uliofanana nao.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kisa cha mtu aliyebonyeza pasipofaa. Kwa hakika ni kisa cha taarifa na jibu lake. Watumishi walishuku, nao walikwenda mlango uliostahili. Kilichowaponza ni kwamba kati ya mwenye kuuliza na mwenye kujibu yalipita maneno machache mno, na neno moja likakosewa bila kuwepo jingine la kulisahihisha. Kwa sababu hiyo inafaa kuitazama kwa makini karatasi hii ndogo ambayo karani humwandikia fundi wa kompyuta anapopata barua asiyoiamini: iwe na nini ndani yake, na kila jambo lililomo linamsaidia fundi kufanya kazi gani.

ASUBUHI MOJA MJINI MOMBASA

Na uchukuliwe mfano wa karani wa hesabu, mama wa makamo, katika ofisi ya wakala wa kutoa mizigo bandarini Mombasa. Ni Jumanne, tarehe 14 Mei. Saa 2.47 asubuhi anapokea barua kutoka kwa wauzaji wa karatasi ambao ofisi hununua kwao kila mwezi. Jina la juu ni lilelile alilolizoea, "Idara ya Hesabu", na chini ya maandishi kuna nembo yao. Barua inasema kwamba benki yao imebadilika, kwamba ankara ya mwezi huu ya shilingi 486,000 ilipwe katika akaunti mpya, na kwamba ankara yenyewe inaonekana kwa kubonyeza maneno "Fungua ankara".

Mama huyu si mzembe. Ankara anaitazamia, kiasi kinakaribiana na cha mwezi uliopita, na lugha ni ya adabu. Saa 2.55 anabonyeza. Ukurasa unafunguka wenye sura ya ule anaotumia kila siku kuingilia katika barua zake, nao unamtaka jina na neno la siri. Anaandika. Ukurasa unamjibu kwamba amekosea, aandike tena. Hapo ndipo anaposita, maana neno lile amekuwa akiliandika kila asubuhi tangu mwanzo wa mwaka na vidole vyake vinalijua. Anainua macho kwenye anwani iliyo juu ya skrini na kuona si ya ofisi yake.

Ukurasa wa walaghai mara nyingi hukataa neno la siri la kwanza hata likiwa sahihi. Huufanya hivyo makusudi, ili mtu aandike mara ya pili na mwizi awe na hakika kwamba hakuna herufi iliyokosewa. Kwa hiyo kukataliwa kwa neno ambalo mtu analijua vema, katika ukurasa aliofikishwa na barua, ni dalili ya kutosha kumfanya aondoe mkono na kuinuka kitini.

Mama yule anairudia barua na kuisoma anwani ya mwandishi herufi kwa herufi. Wauzaji wa karatasi huandika kutoka `hesabu@kampuni.example`. Hii imetoka `hesabu@karnpuni.example`. Mahali pa herufi m zimewekwa herufi mbili, r na n, zilizosongamana. Katika maandishi madogo ya skrini, jicho linalosoma haraka haliwezi kuzitenganisha. (Anwani hizi ni za mfano tu.)

TAARIFA ISIYOMFAA FUNDI

Karani wengi wakifika hapa hufanya jambo moja kati ya mawili. Wa kwanza huifuta barua na kunyamaza kwa aibu. Wa pili humpelekea fundi barua ile pamoja na mstari mmoja juu yake: "Nimepata hii, naiona ya ajabu, tafadhali angalia."

Mstari huu una nia njema, lakini fundi akiupokea hana pa kuanzia. Hajui kama mama huyu ameitazama tu au ameibonyeza. Hajui kama ni dakika tano zilizopita au ni jana. Na juu ya hayo, barua aliyoletewa si ile yenyewe.

Jambo hili la mwisho linahitaji maelezo. Barua pepe, kama barua ya posta, ina karatasi ya ndani na ina bahasha. Karatasi ni maneno anayoyasoma mpokeaji. Bahasha ni mistari iliyofichwa ambayo kila mtambo unaoipitisha barua huigonga muhuri wake: ilitoka mtambo gani, saa ngapi, ikapokelewa na nani, na majibu yatakwenda wapi. Karani anapoipeleka barua mbele kwa njia ya kawaida, kompyuta huinakili karatasi tu na kuitia katika bahasha mpya yenye jina la karani mwenyewe. Bahasha ya zamani, yenye mihuri yote, hubaki nyuma. Ni sawa na mtu aliyeletewa barua ya vitisho akaipeleka polisi baada ya kuinakili kwa mkono wake.

Zaidi ya hayo, barua iliyopelekwa kwa njia ya kawaida hubeba kiungo chake kikiwa hai. Kila mkono inaopitia waweza kukibonyeza, na hivyo ndivyo wasaidizi wa Bwana Podesta walivyobaki na kiungo kibaya karibu nao hata baada ya kupewa kizuri.

KUIPELEKA BAHASHA NZIMA

Njia ifaayo ni kuiambatisha barua ile kama faili, ikiwa nzima na bahasha yake. Katika Gmail, kwenye kompyuta, mtu hufungua menyu ya barua ile na kuchagua `Forward as attachment`. Katika Outlook ya kompyuta hubonyeza kwa pamoja vitufe `Ctrl+Alt+F`. Barua huonekana ndani ya taarifa kama kiambatisho ambacho jina lake mara nyingi huishia na `.eml` au `.msg`. Asiyeweza kufanya hivyo aiache barua mahali ilipo, asiifute, na amwambie fundi kwamba ingalipo.

Fundi akikifungua kiambatisho hicho huona mistari kama hii:

```
From: "Idara ya Hesabu" <hesabu@karnpuni.example>
Reply-To: malipo@sanduku.example
Message-ID: <7f3a91@karnpuni.example>
Authentication-Results: spf=pass; dkim=pass; dmarc=pass
```

Mstari wa kwanza unaonyesha jina na anwani. Jina lililo ndani ya alama za mtajo ni la kuandika tu. Mtu yeyote aweza kujiita apendavyo. Mstari wa pili unasema kwamba karani akijibu, jibu lake halitarudi kwenye anwani anayoiona bali litakwenda kwa mtu mwingine kabisa. Mstari wa tatu ni namba ya pekee ya barua hiyo, na faida yake itaonekana mbele.

Mstari wa nne huwapoteza hata watu wenye ujuzi kidogo. Hayo ni majibu ya mtambo unaopokea barua kwa niaba ya ofisi, uliokagua kama barua imetoka kweli kwa wenye jina la anwani ile. Majibu yote matatu yamepita. Je, basi barua ni ya kweli? La. Walaghai walilisajili jina la `karnpuni` wenyewe na ni lao kihalali, kwa hiyo mtambo unathibitisha tu kwamba barua imetoka kwa wenye `karnpuni`. Mtambo haukuulizwa kama `karnpuni` ni `kampuni`. Hilo ni jambo la macho ya mtu anayewafahamu wauzaji wake, na ndiyo sababu jicho la karani ni la thamani kwa fundi: yeye hajui wauzaji wa karatasi huandika kutoka wapi, lakini mama yule anajua.

SAA IPI?

Karani anayeandika kwa Kiswahili ana mtego mmoja usiompata mwenzake anayeandika kwa Kiingereza. Akisema barua iliingia saa 2.47, yeye anahesabu tangu kuchomoza kwa jua. Fundi akienda kwenye daftari la mtambo atakuta 08:47. Na kama mtambo wenyewe uko ng'ambo, au umewekwa katika saa ya dunia, atakuta 05:47, kwa kuwa saa ya Afrika Mashariki iko mbele kwa saa tatu. Tukio moja limekuwa na saa tatu mbalimbali.

Hili si jambo dogo. Daftari la mtambo wa barua la ofisi yenye watu arobaini huweza kuwa na maelfu ya mistari kwa siku moja. Fundi anayetafuta saa 2.47 usiku wa manane badala ya asubuhi hatakuta chochote, naye atasema pengine mama ameota. Dawa yake ni nyepesi: saa iandikwe kwa namna mbili, ya Kiswahili na ya tarakimu za kompyuta, na itajwe kuwa ni saa ya hapa.

MKONO ULIFANYA NINI

Sasa umefika mstari ulio mgumu kuliko yote kuuandika, nao ndio ambao fundi huutafuta kwanza. Mtumishi amefanya nini na barua ile? Aliisoma tu? Alibonyeza? Aliandika neno la siri? Alifungua kiambatisho? Alijibu? Alilipa?

Kila jibu lina kazi yake. Aliyesoma tu, fundi atazuia anwani na kuwaonya wengine, na kazi yaweza kungoja hata baada ya chai. Aliyefungua kiambatisho, kompyuta yake hutengwa na mtandao ikaguliwe, lakini isizimwe ovyo kabla fundi hajasema, maana mengine huonekana tu ikiwa inawaka. Aliyeandika neno la siri, mlango wa sanduku lake uko wazi wakati huohuo na mwizi aweza kuwa ndani. Aliyelipa, simu ya kwanza ni ya benki wala si ya fundi, kwa kuwa fedha zikishahamishwa tena kutoka akaunti ya walaghai ni vigumu mno kuzirudisha.

Karani akificha mstari huu, fundi ataitibu barua kana kwamba imesomwa tu. Ataizuia anwani, ataandika asante, na wakati huo mwizi amekaa ndani ya sanduku la hesabu akisoma ankara za wauzaji wote. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa kifo chenyewe kwa kawaida huja siku ya malipo.

Kuna jambo jingine linalotokana na hilo. Mtu aliyeandika neno lake la siri asianze kwa kuandika taarifa. Apige simu kwanza, au aende kwa miguu. Ikiwa mwizi yumo ndani ya sanduku, ataisoma taarifa ile ikitoka, naye aweza kuifuta au kuharakisha alilolikusudia. Mama wa Mombasa alipiga simu saa 3.02.

"Shikamoo mama," fundi kijana aliitikia.

"Marahaba, mwanangu. Nimefanya kosa. Nimeandika neno langu la siri mahali pasipokuwa petu."

"Saa ngapi, mama?"

"Saa tatu kasoro dakika nne. Ni barua ya ankara."

"Usiifute, na usiguse kitu kingine. Naufunga mlango sasa hivi. Kisha niandikie kwa kutumia kompyuta ya mwenzako."

TAARIFA YENYEWE

Hivi ndivyo alivyoandika, saa 3.10, kwa kutumia sanduku la mwenzake wa meza ya pili, akiisha kumwomba ruhusa:

"KUH: BARUA YA KUTILIWA SHAKA – NIMEANDIKA NENO LA SIRI.

"Kwa Kitengo cha Kompyuta. Taarifa hii inafuata simu yangu ya saa 3.02 (09:02), saa ya hapa.

"Leo Jumanne tarehe 14 Mei, saa 2.47 asubuhi (08:47), nilipokea barua yenye jina 'Idara ya Hesabu', kutoka `hesabu@karnpuni.example`. Wauzaji wetu hutumia `hesabu@kampuni.example`. Kichwa cha barua ni 'Ankara ya Mei na akaunti mpya'. Inataka tulipe shilingi 486,000 katika akaunti nyingine. Haina kiambatisho.

"Kiungo 'Fungua ankara' kinakwenda `hxxps://ankara-mpya[.]example/ingia`.

"Nilibonyeza saa 2.55 (08:55) kwa kompyuta ya mezani. Niliandika jina na neno langu la siri mara moja, saa 2.56 (08:56). Ukurasa ulisema nimekosea, sikuandika tena. Sikujibu barua. Hatujalipa. Neno hilo la siri silitumii mahali pengine.

"Barua ya asili ingali katika sanduku langu, sikuifuta. Sijui kama wengine wameipata. Napatikana kwa simu ya ndani 14 hadi saa 10 jioni."

Ni maneno yanayopita mia moja kidogo tu, na mtu aweza kuyaandika kwa dakika tano. Kichwa chake kinasema jambo kubwa kabla barua haijafunguliwa, ili fundi mwenye taarifa ishirini mbele yake ajue ya kuanza nayo. Neno la siri lenyewe halikuandikwa, wala haliandikwi kamwe, fundi halihitaji. Mama hakutoa hukumu wala hakujitetea. Aliandika alichokiona, alichokifanya na asichokifanya, maana "sikujibu" na "hatujalipa" humwondolea fundi kazi sawasawa na "nilibonyeza" inavyompa.

Kiungo nacho kiliandikwa kwa namna ya pekee. Mahali pa `https` pameandikwa `hxxps`, na nukta imefungwa ndani ya mabano. Ni desturi ya mafundi, ili kompyuta isikigeuze kiwe cha kubonyezwa na msomaji asikifungue kwa bahati mbaya. Ili kukiona kiungo bila kukifungua, mtu huweka kishale cha kipanya juu ya maneno yale bila kubonyeza, na anwani ya kweli huonekana pembeni mwa skrini. Katika simu ya mkononi ni lazima kubonyeza na kushikilia, na kidole huteleza. Mwenye simu tu ni heri aiache kazi hiyo kwa fundi.

FUNDI AKISHAIPOKEA

Faida ya kila mstari ilionekana asubuhi hiyohiyo. Fundi alikuwa amekwisha kubadilisha neno la siri la mama na kuvifunga vikao vyote vilivyokuwa wazi. Mambo haya ni mawili, si moja: mtu aliyekwisha kuingia huweza kubaki ndani hata baada ya kufuli kubadilishwa, mpaka atolewe.

Kwa kuwa aliijua saa, alitazama daftari la kuingia kuanzia 08:56 kwenda mbele. Akakuta kwamba saa 08:58 sanduku la mama lilifunguliwa kutoka mtambo wa nchi nyingine, hali mama amekaa Mombasa. Akafungua kanuni za sanduku, yaani maagizo ambayo mtu huweza kuiachia kompyuta iyatekeleze kwa kila barua inayoingia. Kulikuwa na moja mpya, iliyoandikwa saa 08:59: kila barua kutoka `kampuni.example` ihamishwe kwenye jalada lisilofunguliwa na mtu, ikiwa imetiwa alama kwamba imesomwa. Wezi walitaka wauzaji wa kweli wakiandika kuulizia fedha zao, mama asiione barua yao. Kanuni ya namna hii huendelea kufanya kazi hata baada ya neno la siri kubadilishwa, na asiyejua kuitafuta hatajua kwa nini barua za wauzaji zimekauka. Fundi aliinakili kwa kumbukumbu, kisha akaifuta.

Halafu akatafuta katika masanduku yote ya ofisi. Kwanza alitumia namba ya pekee ya barua ile, akapata nakala ya mama peke yake, kwa sababu walaghai huweza kumtumia kila mtu barua yenye namba yake. Akatafuta kwa anwani ya mwandishi na kwa kichwa cha barua, na nakala nyingine tatu zikatokea. Wawili hawakuwa wamezifungua. Wa tatu, kijana wa stoo, alikuwa amebonyeza na kuandika neno lake la siri saa 2.50, kabla ya mama, naye hakumwambia mtu. Kama mama angenyamaza, sanduku la kijana yule lingebaki wazi.

Wakati huo mhasibu mkuu aliwapigia simu wauzaji wa karatasi kwa namba iliyomo katika jalada la zamani, si ile iliyoandikwa chini ya barua. Wakamwambia kwamba benki yao ni ileile ya siku zote.

JIBU NALO LISEME WAZI

Taarifa nzuri yaweza kuharibiwa na jibu baya, kama Bwana Podesta alivyoona. Fundi anayejibu "ni salama" au "si salama" ametegemeza ofisi nzima juu ya silabi moja. Jibu la Mombasa liliandikwa hivi: "Barua ya saa 2.47 kutoka `karnpuni` ni ya walaghai. Usiifungue tena wala usibonyeze chochote ndani yake. Neno lako la siri nimelibadilisha. Jipya utalichukua mezani kwangu. Usilipe ankara yoyote ya karatasi mpaka mhasibu mkuu aseme."

Hata kama neno "walaghai" lingekosewa, mistari inayofuata isingeruhusu kosa lipite. Imetaja barua kwa saa na anwani, ikasema la kufanya na lisilo la kufanya, wala haikumrudishia mama kiungo chochote cha kubonyeza. Neno jipya la siri alilifuata kwa miguu.

Si kila barua inayoshukiwa huwa mbaya. Pengine wauzaji wamebadilisha benki kweli, na fundi akishakagua atasema hivyo. Karani aliyeandika taarifa ya namna hii hajapoteza kitu, maana hakusema kwamba barua ni ya wizi. Alisema ameiona nini, saa ngapi, na mkono wake ulifanya nini.

Baada ya siku ile mama yule aliandika kwenye kipande cha kadi mambo sita na kukibandika kando ya simu yake: saa, anwani, kiungo, nilichofanya, nisichofanya, nipo wapi. Kijana wa stoo alikuja kukinakili.